Rafu yasema 865, kaunta yadai 940: Mwandikie meneja hivi

Ukiingia supamaketi ukaona kibandiko cha bei chini ya bidhaa, unaamini hiyo ndiyo bei. Unapiga hesabu kichwani, unatia kikapuni, unapanga foleni. Kumbe aliyeandika kile kibandiko si yule atakayekutoza. Kibandiko ni karatasi iliyobandikwa na mtu. Bei ya kaunta ni namba iliyomo ndani ya kompyuta. Vitu viwili hivi vinatakiwa viseme jambo moja, na siku vinapohitilafiana, anayelipa tofauti ni mnunuzi, tena mara nyingi bila kujua.

Wiki hii nataka tulitazame jambo hili kwa kisa cha Kakamega. Dada yangu mdogo anafundisha huko, na kama walivyo watu wetu wengi wa Pwani waliopelekwa bara kwa kazi, mshahara ukiingia hufanya manunuzi ya mwezi kwa mkupuo mmoja. Jumamosi moja alinunua chupa 2 za mafuta ya kupikia, za lita 3 kila moja, katika supamaketi moja mjini. Kibandiko cha rafu kilisema shilingi 865. Risiti ilisema 940. Tofauti ni shilingi 75 kwa chupa, shilingi 150 kwa zote mbili. Si pesa za kumfanya mtu alale njaa, lakini ni pakiti ya unga na ziada kidogo. Zaidi ya hapo, si yeye peke yake aliyenunua mafuta yale siku ile.

Hatimaye alimwandikia meneja barua, na barua ile ilifanya kazi ambayo mabishano ya kaunta hayakuifanya. Nitaeleza alivyoiandika, lakini kwanza tuelewe kosa lenyewe, maana barua nzuri huanzia hapo.

Bei mbili zinatoka wapi

Katika supamaketi yenye matawi kadhaa, bei hupangwa makao makuu. Mtu mmoja ofisini hubadilisha namba kwenye kompyuta, na usiku namba hiyo hutumwa kwenye matawi. Asubuhi keshia akipitisha bidhaa, mashine husoma ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti, hutafuta namba yake katika orodha, kisha hutoa bei iliyoandikwa humo. Keshia hachagui bei. Wala hawezi kuibadilisha bila msimamizi kuja na ufunguo au namba yake ya siri.

Kibandiko cha rafu hufuata njia nyingine kabisa. Tawi huchapisha vibandiko vya bidhaa zilizobadilika bei, halafu mfanyakazi hupita rafu moja baada ya nyingine akitoa cha zamani na kuweka kipya. Kazi hii inataka miguu na macho. Mfanyakazi akiwa mmoja na vibandiko ni vingi, au lori la mzigo likifika katikati ya kazi, vingine hubaki. Bidhaa iliyowekwa mahali pawili, yaani kwenye rafu yake ya kawaida na pia mwisho wa njia ambako huonekana zaidi, inahitaji vibandiko viwili. Kimoja husahauliwa.

Sababu ya pili ni ofa. Ofa huwa na siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na kompyuta huizima yenyewe saa ikifika. Karatasi nyekundu ya ofa haijizimi. Itaning'inia pale hadi mtu aikumbuke, na kila anayeisoma anadhani bado ni halali. Kuna pia ofa za wenye kadi ya duka tu, ambazo sharti lake huandikwa kwa herufi ndogo chini. Hapo huenda hakuna kosa lolote la bei. Kosa ni kwamba sharti halisomeki.

Sababu ya tatu si kosa la bei hata kidogo. Ni bidhaa kukaa mahali pasipo pake. Mteja mwingine alibadili nia akaiweka chupa ya lita 3 penye kibandiko cha lita 2, au sabuni ya gramu 800 ikachanganyika na ya gramu 1,000. Ukienda na malalamiko ya namna hii utaaibika bure. Kwa hiyo kabla ya kusema neno, soma kibandiko chote, si bei tu: jina la bidhaa, ujazo au uzito, na zile namba. Vibandiko vingi huwa na namba ya bidhaa, na baadhi huonyesha namba zilezile zilizo chini ya mistari myeusi ya pakiti. Namba hizo kwa kawaida ni 13, na za kampuni zilizojisajili Kenya huanza na 616. Linganisha 4 au 5 za mwisho. Zikilingana, kibandiko ni cha bidhaa hiyo, na madai yako yana mguu wa kusimama.

Aliyoyafanya dada kabla ya kalamu

Aligundua akiwa nje, karibu na bodaboda, aliposoma risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na risiti ndiyo daftari la mnunuzi. Ujumbe wa M-Pesa hautoshi kwa kazi hii, kwa kuwa unaonyesha jumla tu. Haukuelezi mafuta yalikuwa bei gani na sukari bei gani.

Alirudi ndani. Hakwenda kwa keshia kwanza, alikwenda kwenye rafu. Kibandiko kilikuwepo bado. Alipiga picha mbili kwa simu: moja ya mbali, inayoonyesha chupa zimekaa juu ya kibandiko, na nyingine ya karibu, ambayo jina, ujazo, bei na namba vinasomeka. Picha ya karibu peke yake ina udhaifu, kwani meneja anaweza kuuliza ilipigwa duka gani na ilikuwa chini ya kitu gani. Ya mbali peke yake haisomeki. Zikiwa mbili zinashikana.

Kuna maduka ambayo walinzi hawataki picha zipigwe ndani. Ukikatazwa usigombane. Mwite mhudumu wa rafu, mwonyeshe kibandiko na risiti, naye ashuhudie. Nakili maneno ya kibandiko kama yalivyo pamoja na saa. Lakini usikibandue ukaondoka nacho. Kwanza si chako, na pili ukishakitoa mahali pake kimekwisha kuwa karatasi tu, haijulikani kilikuwa wapi.

Ndipo akaenda kwenye dawati la huduma kwa wateja. Msimamizi akamwambia, "Mwalimu, mashine ndio inasoma hivyo. Bei ya mafuta imepanda." Dada akamjibu kwamba hana ugomvi na mafuta kupanda, anachouliza ni kwa nini rafu haijui. Akaambiwa meneja hayupo, arudi Jumatatu.

Jibu la "mashine inasoma hivyo" ni la kweli, lakini halijibu kitu. Kila mtu anajua mashine inasoma hivyo. Swali ni kama duka lilimwonyesha mteja bei nyingine alipokuwa akiamua kununua. Mwingine huambiwa tofauti ni ushuru wa VAT. Hili unaweza kulipima papo hapo kwenye risiti yako: ikiwa bidhaa nyingine zilizotozwa ushuru huo zimelingana na vibandiko vyake, basi ushuru umekwisha kuwamo ndani ya bei za rafu, na haiwezekani uwe umeongezwa kwenye chupa za mafuta pekee.

Sheria inakupa nini, na haikupi nini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanadhani bei ya rafu ni ahadi ambayo duka limefungwa nayo. Kwa sheria ya mikataba sivyo. Kenya ilirithi sheria hiyo kutoka Uingereza, na huko kuna kesi mashuhuri ya mwaka 1953 iliyohusu duka la dawa la Boots, jijini London, lililokuwa limeanzisha mtindo wa mteja kujichukulia mwenyewe. Mahakama ilitakiwa kuamua mauzo hufanyika wapi, kwenye rafu au kwenye kaunta. Ikaamua kwamba bidhaa iliyopangwa rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua akiifikisha kaunta, na duka ndilo linalokubali au kukataa.

Maana yake kwetu ni hii. Ukiona tofauti kabla ya kulipa, una nguvu kubwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa hujafungwa na lolote. Unaweza kusema, "Hii itoe," na safari ikaisha. Lakini huwezi kulilazimisha duka, kwa hoja ya mkataba peke yake, likuuzie kwa 865. Kwa hiyo barua isemayo "mmevunja mkataba" imekosea njia tangu mstari wa kwanza.

Njia iliyo sawa ni ya kupotoshwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi, na kinasema wazi kwamba haki hizo zinahusu hata bidhaa za wafanyabiashara binafsi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa, namba 46 ya 2012, inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo au ya kupotosha, na miongoni mwa mifano yake ni kudai kuna nafuu ya bei ilhali haipo. Karatasi ya ofa iliyokwisha muda inaingia hapo moja kwa moja. Nayo Sheria ya Ushindani, namba 12 ya 2010, katika kifungu cha 55, inataja waziwazi maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei.

Ona tofauti ya hoja hizi mbili. Ya kwanza yasema: mliniahidi 865, nipeni kwa 865. Ya pili yasema: mlinionyesha 865, nikaamua kununua kwa sababu hiyo, kisha mkanitoza 940 bila kuniambia. Hii ya pili haihitaji kumwita mtu mwizi. Kibandiko kilichosahauliwa kwa bahati mbaya kinapotosha sawasawa na kilichoachwa makusudi, na mnunuzi hana njia ya kujua ni kipi kati ya hivyo. Kwa hiyo anza na dhana njema, ukae kwenye yale unayoweza kuyathibitisha.

Jambo jingine la kuweka wazi ni kiasi cha kudai. Nchini Kanada, tangu 2002, maduka mengi makubwa yamekubaliana kwa hiari yao kwamba kaunta ikitoza zaidi ya rafu, mteja hupewa bidhaa hiyo bure. Utaratibu huo ulipoanza, bure ilikuwa kwa bidhaa isiyozidi dola 10, na iliyozidi hapo ilipunguziwa dola 10. Baadhi ya watu husoma habari kama hizo mtandaoni kisha wakadai mafuta ya bure huku kwetu. Sisi hatuna mapatano hayo. Dai tofauti uliyotozwa, au dai kurudisha bidhaa ambayo hujaifungua na upewe pesa zako. Ukivuka hapo, unampa meneja sababu rahisi ya kukataa barua yote.

Barua yenyewe

Dada aliandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo usiogope kwamba barua yako itaonekana ya mtaani. Aliandika ukurasa mmoja tu. Nimeondoa jina la duka na namba za risiti, mengine ni kama yalivyokuwa:

"Kwa Meneja wa Tawi, Kakamega.

KUH: TOFAUTI YA BEI KATI YA RAFU NA KAUNTA, MAFUTA YA KUPIKIA LITA 3

Bwana au Bibi, salamu.

Jumamosi, saa 5:40 asubuhi, nilinunua dukani kwenu chupa 2 za mafuta yaliyotajwa hapo juu. Nililipa katika kaunta namba 4. Namba ya risiti ni hii ifuatayo, na nakala yake nimeiambatisha.

Kibandiko cha rafu kilionyesha shilingi 865 kwa chupa. Nilitozwa shilingi 940 kwa chupa. Tofauti ni shilingi 75 kwa chupa, jumla shilingi 150. Namba za mwisho za bidhaa kwenye kibandiko na kwenye chupa zinalingana, kwa hiyo chupa hazikuwa zimewekwa mahali pasipo pake. Saa 5:55 nilirudi, nikapiga picha mbili za kibandiko kikiwa bado mahali pake, kisha nikamweleza msimamizi wa zamu. Picha nimeziambatisha.

Nilichagua mafuta haya kwa kuangalia bei ya kwenye rafu. Bei ya 940 sikuonyeshwa mahali popote kabla ya kulipa.

Naomba mambo matatu. Kwanza, nirudishiwe shilingi 150. Pili, kibandiko na mashine vilinganishwe leo hii, kwa bei yoyote mtakayoamua kuwa ndiyo sahihi, ili wateja wengine wasipatwe na jambo hili. Tatu, bidhaa nyingine zilizobadilishwa bei siku ileile zikaguliwe, maana huenda kibandiko hiki si cha pekee.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 7. Simlaumu keshia wala mhudumu yeyote. Wao hawapangi bei.

Wako, mteja."

Tazama mpangilio wake. Aya ya kwanza inamwezesha meneja kuyapata mauzo hayo kwenye kompyuta yake bila kumuuliza mteja chochote zaidi: siku, saa, kaunta, risiti. Hivyo hana nafasi ya kusema "tunatafuta kumbukumbu". Aya ya pili inafanya hesabu yote, na inaziba mapema jibu la "labda chupa iliwekwa vibaya". Aya ya tatu ndiyo hoja ya sheria, ingawa haitaji sheria yoyote. Inaeleza kwamba aliongozwa na kibandiko, na kwamba bei nyingine hakuonyeshwa. Ukishindwa kuandika aya hiyo kwa ukweli, kwa mfano kwa kuwa hukuangalia kibandiko kabla ya kununua, basi acha kudai pesa. Omba marekebisho tu.

Ombi la pili ndilo lenye uzito. Halisemi "shusheni bei". Linasema mbili ziwe moja. Duka lina haki ya kuuza mafuta kwa 940 likitaka. Lisilo na haki nalo ni kutangaza 865 na kutoza 940. Mdai anayelielewa hilo huwa vigumu kumkatalia, kwa sababu anachoomba hakiligharimu duka ila karatasi moja na dakika mbili.

Na kwa nini asichukue shilingi 150 zake akanyamaza? Hebu tufanye hesabu ya kudhania. Tuseme tawi linauza chupa 40 za mafuta hayo kwa siku, na kibandiko kimekaa siku 5. Ni chupa 200. Kwa shilingi 75, hizo ni shilingi 15,000 zilizotoka mifukoni mwa watu ambao wengi wao hawakusoma risiti. Mmoja wao ni mama mzee aliyehesabu pesa zake rafuni, akafika kaunta zikampungukia, akaambiwa arudishe sukari, akarudi nyumbani akidhani ni yeye aliyekosea hesabu.

Kuipeleka, na yaliyofuata

Chapisha au andika nakala mbili. Moja inabaki dukani, nyingine unarudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, pamoja na tarehe na jina la aliyepokea. Barua isiyo na alama ya kupokelewa ni rahisi kusemwa haikufika. Ikiwa duka lina anwani ya barua pepe ya makao makuu, watumie nakala siku hiyohiyo na utaje kwamba asili iko tawini.

Risiti ya asili usiiache kwa barua. Toa nakala. Risiti nyingi za supamaketi huchapishwa kwa joto, si kwa wino, na karatasi yake hufifia ikikaa kwenye jua au ndani ya gari. Kwa joto letu la Mombasa na Malindi, baada ya wiki chache unaweza kubaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku ileile.

Dada alipeleka barua Jumatatu. Alhamisi alipigiwa simu na meneja mwenyewe. Maelezo yake yalikuwa kama nilivyotangulia kueleza: makao makuu yalibadilisha bei usiku wa Alhamisi iliyopita, vibandiko vipya vikachapishwa Ijumaa, vikabandikwa kwenye chupa zilizopangwa mwisho wa njia, lakini rafu ya ndani ikasahauliwa. Alimwomba aje na risiti ya asili pamoja na chupa.

Hili la chupa lilimshangaza, lakini lina sababu yake. Mashine nyingi za kaunta hazina njia rahisi ya kumrudishia mtu sehemu ya bei. Hupokea bidhaa kama iliyorudishwa kwa 940, kisha huiuza upya kwa bei iliyorekebishwa, na hesabu za ushuru zikabaki sawa. Chupa moja alikuwa ameshaifungua. Meneja alikubali kwa kuwa tatizo halikuwa la bidhaa. Si kila meneja atakubali, kwa hiyo ukiweza, usifungue kitu unachokidai.

Alipewa shilingi 150 na risiti mpya. Kisha akaenda kutazama rafu. Kibandiko kilikuwa kimebadilishwa, kikisoma 940. Wenzake kazini walimcheka: umepigania bei ishuke, imepanda. Lakini bei haikupanda siku hiyo. Ilikuwa imepanda tangu wiki iliyotangulia, na kilichobadilika ni kwamba sasa mtu anaiona kabla ya kuamua. Aliyekuja baada yake alichukua mafuta ya aina nyingine yaliyo nafuu. Chaguo hilo ndilo lililokuwa limepotea.

Ombi la tatu, la kukagua bidhaa nyingine, halikujibiwa kwa maandishi. Meneja alisema kwa mdomo kwamba limefanyika. Hata wale waliotozwa zaidi kabla yake hawakutafutwa. Duka linaweza kujua liliuza chupa ngapi siku zile, lakini haliwezi kujua ni nani alisoma kibandiko kipi, na waliolipa kwa pesa taslimu hawana jina kwenye kumbukumbu. Huo ndio mpaka wa barua ya mtu mmoja. Inaziba tundu kuanzia siku ilipofika, hairudishi yaliyokwisha kuvuja.

Akinyamaza

Siku 7 zikipita bila jibu, usiandike barua mpya ya hasira. Tuma ileile makao makuu ya kampuni, ikiwa na nakala yenye muhuri na mstari mmoja juu yake ukieleza kwamba tawi halikujibu. Mara nyingi makao makuu hujali zaidi, kwa sababu kwao kibandiko kilichokosewa Kakamega huenda kimekosewa katika matawi mengine pia.

Hapo napo kukiwa kimya, kuna milango miwili. Mmoja ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi kuhusu maelezo ya kupotosha, na haikulazimu uwe na wakili. Mwingine uko karibu zaidi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia biashara, ikiwemo haki katika biashara. Kwa hiyo idara ya biashara ya Kaunti ya Kakamega, kama ilivyo ya Mombasa, Kilifi au Lamu, haiwezi kukuambia jambo hili halimhusu mtu pale ofisini. Uende na vitu vitatu: barua yenye muhuri, nakala ya risiti, na picha mbili. Mahakama ya Madai Madogo ipo pia kwa mujibu wa sheria ya 2016, lakini kwa shilingi 150 nauli na siku za kazi zitakula zaidi ya madai. Ifikirie ukiwa umetozwa zaidi kwenye friji au godoro.

Ukirudi kwenye duka hilohilo siku nyingine, fanya jambo moja dogo kabla ya kulipa. Chagua bidhaa 2 au 3 za bei kubwa kikapuni mwako, piga picha vibandiko vyake, kisha tazama kioo cha kaunta keshia anapozipitisha. Ikitofautiana, sema hapo hapo, kwa upole, kabla pesa haijatoka: "Dada, hii kwenye rafu ni 865. Naomba uite msimamizi." Foleni itanung'unika kidogo nyuma yako. Waache wanung'unike, huenda kuna mwenye chupa hiyohiyo kikapuni.